Zaire laki moja na nusu za mama mdogo

Baba Mkubwa, kaka wa marehemu mume wa mama mdogo, alitoa simu mfukoni, akafungua kikokotoo, akaanza kuhesabu kwa sauti ili watu wote sebuleni wasikie. Zaire 150,000, fedha ya zamani ya Kongo, mahari iliyobaki ya mama mdogo. Gawanya kwa 3,000,000, maana mwaka 1993 zaire mpya moja ilikula zaire za zamani milioni tatu. Unapata zaire mpya 0.05. Gawanya tena kwa 100,000, maana mwaka 1998 frangi moja ilikuja ikala zaire mpya laki moja. Akageuza simu ili tuone. Kioo kiliandika 5E-7.

"Njo deni yote ile," akasema. "Frangi moja ukikata vipande milioni mbili, shemeji achukue kimoja. Mi niko tayari kulipa hata sasa."

Watu wawili watatu walicheka. Mama mdogo hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango wa chumba, ndani ya eda, mwezi wa tatu tangu mumewe azikwe hapa Bukavu. Ilikuwa mwisho wa 2018. Mimi nilikuwa na daftari mapajani kwa sababu ndiyo kazi yangu: nina kibanda cha sekretaria karibu na soko la Kadutu, kompyuta moja na printa moja, na watu huniletea barua za madai, mikataba ya kupangisha, vyeti vya ndoa za msikitini. Siku ile nilikwenda kama mtoto wa dada yake na kama mwandishi, na mpaka leo sijui ni kipi kilikuwa kizito zaidi.

Karatasi yenyewe ilikuwa ukurasa wa daftari la shule uliokunjwa mara nne. Imamu aliyewaozesha mwaka 1989 aliandika kwa kalamu ya bluu: mahari zaire 200,000, zilizotolewa 50,000, zilizobaki 150,000, "atalipa akipata". Chini yake sahihi ya bwana harusi, ya walii, yaani msimamizi wa bibi harusi, na za mashahidi wawili.

Lakini kabla hatujafika kwenye zaire, Baba Mkubwa alikuwa ameshajaribu mlango mwingine. Alikuja na risiti. Ilionyesha mbuzi, mashuka, koti la babu na fedha taslimu, vyote vilivyopelekwa kwa wazazi wa mama mdogo mwaka ule ule. "Mahari tulishalipa," akasema. Na kwa namna watu wa hapa tunavyoongea, hakuwa anadanganya, kwani sisi huita vyote viwili mahari. Kanuni ya Familia ya nchi yetu, kama ilivyotoka 1987, kwenye kifungu cha 361 ilisema wazi kwamba doti ni mali ambayo bwana harusi na familia yake wanakubaliana kuwapa wazazi wa binti, kwa faida ya wazazi. Mahari ya Kiislamu ni kitu kingine kabisa. Aya ya nne ya Suratun-Nisaa inaamrisha wanawake wenyewe wapewe mahari yao, na ikiwa wao kwa radhi zao wataachilia kitu, ndipo mume anaweza kukila. Baba hana fungu humo. Koti la babu lilikuwa doti. Zaire 200,000 zilikuwa za mama mdogo.

Shehe aliyekuwa akisimamia kikao alimaliza hoja hiyo kwa swali moja tu: "Kwenye risiti hii, mpokeaji ni nani?" Mpokeaji alikuwa babu yangu. Risiti ikarudi mfukoni.

Mlango wa pili ulikuwa mchungu zaidi. Siku ya mazishi, kabla jeneza halijanyanyuliwa, mzee mmoja alisimama akauliza kama kuna anayemdai marehemu, kisha wanawake wakamwinamia mama mdogo: msamehe mumeo, asilale na deni. Naye akaitikia kwa kutikisa kichwa. Nilikuwepo, nilikiona kile kichwa. Alikuwa hajala siku mbili, hata kitu gani kinaulizwa sidhani alisikia. Sasa Baba Mkubwa akasema: alishasamehe mbele ya watu wote.

Desturi hii siipendi na sitaficha. Mdai mwingine yeyote, yule mwenye duka aliyemkopesha marehemu mifuko ya sukari, hakuna anayemshika mabega mbele ya maiti akamwambia asamehe. Huyo anaambiwa, "njoo nyumbani tutazungumza." Mke peke yake ndiye anayetakiwa kufuta deni lake akiwa analia.

Shehe hakutoa hotuba. Aliuliza nani alitaja kiasi siku ile. Hakuna aliyetaja. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo tunayoyafuata sisi tuliotoka upande wa Kasongo, kumfutia mtu deni lisilojulikana kiasi chake hakusihi. Huwezi kusamehe kitu usichokijua. Na juu ya hilo kuna sharti la aya, radhi ya nafsi. Akamgeukia mama mdogo, akamwuliza sasa, kwa utulivu, mara tatu: "Unasamehe zaire laki moja na nusu, au unadai?" Mara ya kwanza alinyamaza. Mara ya pili akaangalia binti zake. Mara ya tatu akasema, "Ninadai." Nikaandika neno lile na saa.

Ndipo simu ikatolewa, na ile 5E-7.

Hoja ya Baba Mkubwa haikuwa ya kijinga, na nadhani kuna mtu aliyemfundisha. Kanuni inayojulikana ni kwamba deni hulipwa kwa mfano wake, si kwa thamani yake. Ukikopa frangi 1,000 utarudisha frangi 1,000, hata kama mkate umepanda. Baraza la Fiqhi la Kimataifa, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, lilipitisha hivyo hivyo: madeni ya fedha hayafungwi na kupanda kwa bei. Lengo ni kuziba njia ya riba. Kwa hiyo yeye alikuwa anasema: leteni sheria, mimi niko na sheria.

Shehe akamjibu kwa kumwomba hizo zaire. "Ukileta mfano wake, tutapokea. Leta noti za zaire 150,000 ambazo mama huyu anaweza kwenda nazo Kadutu akanunue chumvi." Mfano haupo. Kanuni ya mfano inazungumzia sarafu iliyopungua nguvu lakini bado inatembea. Sarafu iliyokufa ina mlango wake, na mafakihi wa zamani waliufungua kwa sababu sarafu za shaba zilikuwa zikifa mikononi mwao pia. Sarafu ikifa, kinachobaki ni thamani, na swali linakuwa thamani ya siku gani.

Hapa wanafunzi wawili wakubwa wa Abu Hanifa, imamu wa madhehebu ya Hanafi, walitofautiana. Muhammad bin al-Hasan alisema hesabu thamani ya siku ya mwisho sarafu ilipokuwa inatembea. Abu Yusuf alisema hesabu ya siku deni lilipofungwa. Ukiwa msomaji wa kawaida utaona ni tofauti ya wanazuoni tu. Sisi tulifanya hesabu. Zaire mpya ilipotoka Oktoba 1993 ilianza kwa zaire mpya tatu kwa dola moja. Kwa siku ya mwisho, basi, zaire 150,000 za zamani zilikuwa chini ya senti mbili za dola. Kwa siku ya kufunga ndoa zilikuwa mali ya kumwozeshea binti. Kati ya siku hizo mbili kuna miaka minne, uporaji, na ile noti ya milioni tano iliyokataliwa sokoni mpaka wanajeshi waliolipwa nayo wakavunja maduka Januari 1993. Kumpa mama mdogo senti mbili kungekuwa ni kumlipisha yeye uharibifu wa Mobutu, ilhali mali yake ilikuwa mikononi mwa mumewe, na mume aliizungusha dukani muda wote huo.

Shehe alichukua kauli ya Abu Yusuf. Kisha akasema kitu ambacho mimi sikukitegemea: kwamba hata tukibaki ndani ya Shafii hatupotei, kwa sababu ya yale maneno mawili, "atalipa akipata". Akipata lini? Muda wenyewe haujulikani, na mahari iliyocheleweshwa kwa muda usiojulikana huharibika kama makubaliano, na mke anastahiki mahari ya mfano, yaani mahari wanayoolewa nayo wanawake wa upande wa baba yake walio kama yeye: dada zake wa baba na mama kwanza, kisha dada zake wa baba tu, kisha wengine hadi shangazi. Inatazamwa umri wake wakati ule, kama alikuwa bikira, na hali ya mji. Dada wa kwanza kutazamwa alikuwa mama yangu mzazi. Aliolewa 1987 kwa cherehani, vitenge sita na ndama mmoja jike, vyote mkononi siku ile ile, na cherehani ile bado inashona.

Kwa hiyo njia zote mbili ziliturudisha mwaka wa ndoa, na kwa kauli aliyoichukua shehe kazi ilikuwa moja: kujua zaire 150,000 zilikuwa nini mwaka 1989.

Shahidi mmoja alikuwa ameshafariki. Wa pili ni mzee aliyekuwa akiuza vitenge Kadutu. Nilimfuata kwake kwa miguu, na sikumwuliza thamani, nilimwuliza siku ile waliongea nini. Mzee hakumbuki namba, anakumbuka ugomvi. Walii alitaka ng'ombe wawili wa kutoka Walungu kwa sehemu iliyobaki, bwana harusi akasema ng'ombe atawaweka wapi yeye mtu wa duka, imamu akawaambia basi andikeni bei yao. Ndivyo zaire zilivyoingia kwenye karatasi. Kisha mzee akaleta daftari lake la biashara la miaka ile, ambamo dola aliyonunulia vitenge ilikuwa zaire 400. Zaire 150,000 zikawa dola 375.

Tukawa na mizani tatu mezani. Ya kwanza ni dola 375 zenyewe, na Baba Mkubwa aliipenda ghafla. Lakini dola ya 1989 si dola ya 2018, ingawa huku Kivu tunaiabudu kiasi kwamba noti ikiwa na mpasuko mdogo pembeni hatuipokei. Ya pili ni dhahabu: mwaka 1989 wakia moja, gramu 31.1, ilizunguka dola 380 kwenye soko la dunia, kwa hiyo dola 375 zilinunua gramu 30.7 hivi. Novemba 2018 wakia ilikuwa kama dola 1,220. Gramu zile zile zikawa dola 1,204. Ya tatu ni ng'ombe. Nilikwenda mwenyewe kwa wauza ng'ombe, nikauliza bei ya jike mzima wa aina ile: dola 600. Wawili, 1,200.

Dhahabu na ng'ombe hazikupanga kukutana. Zimekutana tu, na mwaka mwingine zingeweza kuachana mbali sana, kwa sababu dhahabu hupanda na kushuka kwa mambo ya New York na London ambayo ng'ombe wa Walungu hayamhusu. Lakini siku ile, mizani mbili zisizojuana zilipotoa jibu moja, sebule ilinyamaza. Shehe akaandika 1,200, na akaeleza kwa nini ng'ombe ndiye msingi na dhahabu ni ushahidi tu: ng'ombe ndiye waliyemkusudia walipoandika.

Baada ya hapo kulikuwa na kiapo. Anayemdai marehemu, hata akiwa na karatasi na shahidi, kwa Shafii huapishwa kwamba deni bado lipo, hajalipwa wala hajafuta, kwa sababu maiti hawezi kujitetea. Mzigo wa kuthibitisha kwamba lililipwa ulikuwa wa warithi, na hawakuwa na chochote. Mama mdogo aliapa akiwa amekaa pale pale mkekani.

Sasa hesabu ya urithi, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike haya yote. Marehemu hakuwa na mtoto wa kiume, wazazi wake walishatangulia. Aliacha mke, binti wawili, na kaka mmoja, ndiye Baba Mkubwa. Parseli na nyumba vilithaminiwa dola 14,000, bidhaa za duka 3,400. Gharama za mazishi na deni la msambazaji zilikuwa 1,200. Zikabaki 16,200.

Kama mahari isingelipwa, mke angepata thumuni, yaani sehemu ya nane, 2,025. Binti wawili theluthi mbili, 10,800. Na kaka angechukua kilichobaki kama asaba, 3,375. Mahari ikitoka kwanza, kama Qurani inavyotaka madeni yatoke kabla ya kugawa, zinabaki 15,000: mke 1,875, binti 10,000, kaka 3,125.

Angalia nani alilipa ile 1,200 ya mahari. Binti za mama mdogo walitoa 800. Yeye mwenyewe alijilipa 150 kutoka kwenye thumuni yake. Baba Mkubwa, aliyekuja na risiti, na kichwa kilichotikiswa mazishini, na simu, alipoteza dola 250. Niliiandika hesabu ile kwenye karatasi nikampa. Aliisoma muda mrefu. "Mbona hamkuniambia mapema?" akasema. Kusema kweli hakuna aliyekuwa amehesabu. Wote tulikuwa tunapigana kwa namba ya juu.

Binti wote wawili, ambao ni watu wazima, wakasema wao hawana neno. Wa kwanza akaongeza, "Mama, hiyo ni yako," kwa sauti ambayo shehe aliiandika kama ridhaa, na nikamwambia atie sahihi, kwa sababu sauti haikai kwenye faili.

Kuna waliouliza kwa nini hatukwenda tribinali. Kongo haina mahakama za kadhi kama Kenya au Zanzibar. Jamii ya Waislamu inasuluhisha, lakini haina bailifu wa kugonga mlango. Tulimwuliza avokati mmoja kwa tahadhari. Alituonya mambo mawili. Ndoa ya msikitini ambayo haikuandikishwa etasivili, ofisi ya serikali ya kuandikisha ndoa, haina nguvu mbele ya serikali, na ya mama mdogo ilikuwa imeandikishwa, lakini kwa kuchelewa, mwaka 2004, na kwenye cheti kile mahari haikutajwa. Kwa hiyo mbele ya tribinali ya amani ile karatasi ya 1989 ingeingia kama deni la maandishi lenye sahihi ya mdaiwa, na tungebishana upya kuhusu zaire, safari hii na jaji ambaye hajamsikia Abu Yusuf. Na pili, warithi wangehesabiwa kwa Kanuni ya Familia, si kwa thumuni na asaba. Avokati hakusema tusiende. Alisema tupate kwanza muhtasari uliosainiwa na warithi wote, kwa sababu ukishakuwa nao, hata ukifika kwa jaji unafika na watu waliokwisha kukiri deni. Ndio niliouchapa: kurasa mbili, kiasi, namna kilivyopatikana, kiapo, ridhaa, tarehe za malipo, sahihi nne na dole gumba moja.

Tangu hapo, mtu akinijia kibandani na cheti cha ndoa chenye sehemu ya mahari iliyobaki, namwuliza maswali hata kama hajaniomba. Tarehe ya kulipa ni ipi? Kama hamna tarehe, basi andikeni "kwa kifo au talaka, kinachotangulia," ingawa masheikh wa Shafii wengine watakuambia hata huo ni muda usiojulikana, na wa Hanbali watakubali. Mwulize anayewaozesha afuate lipi, na aliandike. Kiasi ni cha nini? Wengi huandika dola. Wachache, hasa wanaofanya kazi na wachimbaji, sasa wanaandika gramu, na hapo nauliza karati, kwa sababu gramu 20 za karati 24 na gramu 20 za karati 18 zinapishana kwa robo nzima. Kijana mmoja alikasirika, akaniambia mimi ni mchapaji, si kadhi. Kweli. Nilichapa alivyotaka, "atalipa akipata", na nikachukua frangi zangu.

Mama mdogo alilipwa dola 700 kutoka kwenye bidhaa za duka kabla eda haijaisha, na 500 kwa miezi mitano, mia mia, kutoka mkononi mwa Baba Mkubwa aliyekuwa akiendesha duka mpaka parseli ipate mnunuzi. Mia ya mwisho ilichelewa wiki tatu. Alipoileta, noti moja ya ishirini ilikuwa na mpasuko pembeni, na mama mdogo akairudisha.